Shule 83, shamba 142: kisa cha vipimamvua viwili vilivyogombana

Shule moja na shamba dogo wamepakana, katikati kuna kama mita mia nne tu, na wote wanapima mvua. Shamba wana kile kipimamvua cha dukani, tyubu ya plastiki yenye mistari ya milimita. Shule wana cha kutengeneza wenyewe kwa chupa ya soda, kazi ya klabu ya mazingira, wanafunzi wawili wawili kwa zamu wanasoma kila asubuhi saa tatu na kuandika kwenye daftari. Mwisho wa mwezi mwalimu akajumlisha akapata milimita 83. Mzee wa shamba akajumlisha za kwake akapata 142.

Sasa mita mia nne mvua inaweza kutofautiana, hilo linajulikana, hasa mvua za radi za jioni ambazo wingu linanyesha upande huu wa barabara upande ule pakavu. Lakini hiyo ni siku moja moja, leo wewe umepata zaidi kesho mwenzako, na ukijumlisha mwezi mzima zinakaribiana. Kukosa milimita 59 kati ya 142 sio wingu hilo, kuna kitu. Mwalimu alishaamua ni nini, akaniambia, kaka huo ni ukuta wa darasa la sita unaziba, tukihamisha chupa yameisha. Ukuta una kimo cha mita tatu na nusu na chupa iko mita sita kutoka hapo, na kanuni ya kawaida ni kwamba kipimamvua kikae mbali na kizuizi angalau mara mbili ya kimo cha hicho kizuizi, kwa hiyo ilitakiwa iwe mita saba au zaidi. Ni kweli haikutimia. Ila mita moja pungufu haileti pengo kubwa namna hiyo, nikamwambia kabla ya kuhamisha chochote tuweke madaftari mawili pembeni tuyasome mstari kwa mstari.

Na hapa ndo penye utamu wa kisa chenyewe, manake makosa ya kipimamvua hayafanani sura. Kosa la umbo la chombo linakula asilimia ileile kila siku, mvua ikiwa ndogo linakula kidogo, ikiwa kubwa linakula kikubwa. Kosa la sifuri, yaani mahali unapoanzia kuhesabu, linakula kiasi kilekile bila kujali mvua ilikuwa ndogo au kubwa, milimita moja, mbili. Kosa la kizuizi linategemea upepo, siku upepo ukitoka upande wa ukuta unakosa nyingi, siku ukitoka upande wa pili hukosi kitu, kwa hiyo tofauti inacheza cheza. Na kosa la watu ni mashimo, siku nzima imetoweka. Ukijua hizo sura nne, daftari lenyewe linakuonyesha pa kwenda kabla hujashika chupa.

Hii ni wiki moja kati ya zile, tarehe nimeziacha, kila namba ni ile iliyosomwa asubuhi ya siku hiyo:

| Siku | Shamba (mm) | Shule (mm) |
|---|---|---|
| Jumatatu | 14 | 0 |
| Jumanne | 6 | 5 |
| Jumatano | 0 | 0 |
| Alhamisi | 0 | 0 |
| Ijumaa | 18 | 14 |
| Jumamosi | 0 | 0 |
| Jumapili | 9 | 0 |

Angalia Jumapili na Jumatatu. Shamba wamepata 9 na 14, shule sifuri mbili. Nikafungua wiki nyingine zote za mwezi ule, ni hivyohivyo, Jumamosi sifuri, Jumapili sifuri, Jumatatu sifuri. Mwezi mzima shule haijawahi kunyeshewa mwisho wa wiki! Jumamosi na Jumapili naelewa, hakuna mtu shuleni, mtu akaja Jumatatu akaona nafasi ziko wazi akajaza sifuri ili daftari lisionekane na mapengo. Lakini Jumatatu je? Jumatatu wapo, na chupa ina maji ya siku tatu.

Tukaita watoto wa zamu ya Jumatatu. Wakaamkia, wakasimama wima, wakaulizwa taratibu mnafanyaje mkifika pale asubuhi. Mmoja akasema, "Tunamwaga kwanza, mwalimu. Yale maji ni ya wikiendi, sio ya leo. Halafu tunaanza wiki." Na ukimsikiliza vizuri mtoto ana mantiki yake, aliambiwa aandike mvua ya siku moja na yale ni ya siku tatu, akaona si haki kuyaandika Jumatatu. Hakuambiwa ayafanyeje. Kwa hiyo kila wiki mvua yote tangu Ijumaa saa tatu mpaka Jumatatu saa tatu ilimwagwa chini, na kwenye daftari ikaandikwa sifuri tatu.

Tukachukua daftari la shamba tukajumlisha Jumamosi, Jumapili na Jumatatu zote za mwezi: milimita 37. Maana yake mvua ambayo shule walikuwa na nafasi ya kuipima kweli, Jumanne mpaka Ijumaa, kwa kipimo cha shamba ni 142 toa 37, yaani 105. Na shule kwa siku hizohizo wana 83. Pengo limepungua kutoka 59 hadi 22 na chupa bado haijaguswa.

Bado 22. Tukachukua siku za mvua kubwa peke yake, manake shule wanasoma kwa rula milimita nzima nzima, na kwenye mvua ya milimita 3 au 4 kule kuzungusha namba tu kunavuruga uwiano. Siku ya shamba 24 shule 20. Siku ya shamba 12 shule 10. Hiyo ni asilimia 83 zote mbili, na zilikuwa siku za hali tofauti kabisa, moja mvua ya upepo mkali ya jioni, nyingine mvua ya taratibu ya usiku kucha. Kama ni ukuta uwiano usingetulia hivyo. Kitu kinachokata asilimia ileile siku zote ni umbo, kwa hiyo ndo tukaenda kwenye chupa na rula mkononi.

Ukitengeneza kipimamvua cha chupa unakata sehemu ya juu, unaigeuza kichwa chini inakuwa faneli, unaichomeka kwenye sehemu ya chini. Ukikata mahali chupa imenyooka, mdomo unaopokea mvua una upana sawasawa na mwili unaohifadhi maji, na hapo milimita moja ya mvua inapandisha maji milimita moja, unaweka rula unasoma basi. Hii ndo sababu kubwa ya watu kupenda chupa. Lakini chupa ya soda inaanza kupungua upana kuelekea shingoni mapema kuliko macho yanavyoona, na watoto walikata pale juu kidogo ili chupa iwe ndefu. Tukapima mdomo: kipenyo sentimita 8.2. Tukapima mwili: sentimita 9.0.

Mtu anaona milimita nane tu za upana, si kitu. Ila mvua inapokelewa na eneo, sio na kipenyo, na eneo linakwenda kwa kipenyo mara kipenyo. 8.2 mara 8.2 ni 67.24. Tisa mara tisa ni 81. Gawanya, unapata 0.83. Ndo ile asilimia 83 ya kwenye daftari, imetoka kwenye rula bila kuona mvua yoyote. Mdomo mwembamba unakusanya mvua kidogo halafu inamwagwa kwenye mwili mpana, inatandazika, inasimama chini ya ilipotakiwa.

Mwalimu alikuwa bado anaangalia ukuta kwa jicho la pembeni kwa hiyo tukafanya jaribio la maji ili ukuta usihusike. Eneo la mdomo wa sentimita 8.2 ni kama sentimita za mraba 52.8, kwa hiyo mvua ya milimita 10 ingeingiza mililita 52.8. Tukavuta mililita 53 kwa bomba la sindano, lile kubwa lisilo na sindano, tukamwaga polepole kwenye faneli. Kama chupa iko sawa maji yapande milimita 10. Yakasimama kwenye nane na kitu. Na kwa haki tukaenda kufanya hivyohivyo kwenye tyubu ya shamba, tukapima mdomo wake, tukapiga hesabu ya mililita za milimita 10, tukamwaga, ikasoma 10. Hili watu wengi hawalifanyi, wanachukulia cha dukani ndo msema kweli, wakati kuna vya dukani mistari yake imechapwa hovyo. Ukilinganisha vipimo viwili jaribu vyote viwili.

Haya, 105 mara 0.83 ni 87. Shule wana 83. Zimebaki nne, na hizi nne zina sura nyingine tena, ile ya kosa la sifuri.

Rudi kwenye ile jedwali, Ijumaa. Shamba 18, shule ilitakiwa 15 kwa uwiano ule, imeandikwa 14. Siku nyingine shamba 7, shule ilitakiwa 6, imeandikwa 5. Na kuna siku moja shamba wamepata 2, shule sifuri kabisa. Kote huko kabla yake kulikuwa na siku kavu mfululizo, na ile ya 2 kwa sifuri ilikuja baada ya siku tano za jua. Siku zilizofuata mvua ya jana yake hazina shida hiyo.

Chini ya chupa ya soda kuna yale matako matano yenye mabonde, huwezi kusoma milimita pale. Watoto walifanya kama wanavyofanya wengi, wakaweka changarawe mpaka mabonde yakafunikwa, wakajaza maji mpaka mahali chupa inaponyooka, wakachora mstari wa sifuri hapo. Sasa yale maji ya msingi yanapigwa na jua kupitia plastiki angavu na yanapungua. Faneli inasaidia lakini haizuii kabisa. Siku ya mvua wanasoma, wanamwaga, wanarudishia maji hadi mstarini, vizuri. Siku kavu hakuna anayegusa chupa, manake kuna nini cha kusoma? Kumbe sifuri inashuka kimyakimya, na mvua ya kwanza inapokuja inaanza kwa kulipa deni la msingi ndo ipande juu ya mstari. Moja, moja na karibu mbili, hizo ndo zile nne zetu.

Kwa hiyo njia nzima ni hii: 142 kwenye shamba, toa 37 zilizomwagwa Jumatatu zinabaki 105, mdomo mwembamba ukazishusha hadi 87, jua likala nne, 83. Ukuta haukuchukua kitu cha kuonekana. Sisemi ulikuwa mahali pazuri, na tulihama baadaye, lakini tungehama siku ileile ya kwanza mwezi uliofuata ungetoka na pengo lilelile na watu wangesema basi ni ya kishule hii haina maana.

Sasa swali la mwalimu, na ni swali zuri: mwezi ule tunauokoa vipi?

Sehemu ya umbo inaokoleka. Kosa la uwiano likijulikana unalirudisha, 81 gawanya kwa 67.24 ni 1.20, kila namba ya Jumanne mpaka Ijumaa ukiizidisha kwa 1.20 inarudi mahali pake, na 83 inakuwa 100. Lakini usifute namba ya zamani. Acha 14 palepale kama ilivyosomwa, chora safu mpya pembeni ya iliyosahihishwa andika 16.8, na juu ya ukurasa eleza kwa maneno umezidisha kwa ngapi na kwa nini. Mtu akija kugundua kesho kwamba ulipima kipenyo vibaya, atarudi kwenye 14 aanze upya. Ukishafuta 14 umemaliza.

Zile nne za jua ziache. Hujui siku gani hasa zilipungua kiasi gani, ukianza kuongeza moja hapa mbili pale unatunga sasa.

Na wikiendi hazirudi. Mwalimu alitaka achukue namba za shamba azijaze, na kwa kweli kuna watu wanafanya, lakini ukifanya hivyo daftari lako sio kipimo cha pili tena, ni nakala ya la jirani, na kesho ukilinganisha mtakubaliana kwa sababu umemuigiza. Tulichofanya ni kukata sifuri zote za Jumamosi, Jumapili na Jumatatu kwa mstari mmoja, ionekane ilikuwa nini, na pembeni kuandika kistari, maana yake haikupimwa. Jumla ya mwezi ikabaki 100 na neno "haijakamilika" mbele yake. Mwalimu hakupenda sana, alitaka namba safi ya kubandika kwenye ubao, lakini ndo hivyo. Sifuri ni kipimo, inasema nilienda nikaangalia chupa ilikuwa kavu. Kistari kinasema sikwenda. Ukizichanganya, mtu anayehesabu siku kavu mfululizo ili ajue mbegu zilikaa bila maji muda gani atapata siku kavu ambazo hazikuwa kavu, na hakuna hesabu itakayomwonyesha.

Chupa mpya tuliitengeneza upya badala ya kurekebisha ile, na mabadiliko makubwa yalikuwa mawili. La kwanza ni mahali pa kukata. Simamisha rula wima ubavuni mwa chupa, ishike dhidi ya mwanga, sogea nayo kuelekea shingoni. Pale unapoona mwanga unapenya kati ya rula na plastiki ndo chupa imeanza kupungua upana. Shuka sentimita moja chini ya hapo. Zungusha kipande cha karatasi chenye ukingo ulionyooka, mwisho wake ukikutana na mwanzo wake bila kupishana basi mstari wako hauna mteremko, chora, kata kwa wembe au msumeno mdogo, lainisha kwa msasa. Plastiki ikishakatwa inalegea na mdomo unakuwa kama yai kidogo, kwa hiyo pima kipenyo mara mbili kwa msalaba uchukue wastani. Chetu kilikuwa 9.1 upande mmoja na 8.9 mwingine, tukaandika 9.0.

Pili, tuliachana na rula. Chupa inapokea tu, kupima kunafanyika nje kwa bomba la sindano la mililita 20. Eneo la mdomo wa sentimita 9.0 ni sentimita za mraba 63.6, na milimita moja ya mvua ni sehemu ya kumi ya sentimita, kwa hiyo milimita moja inaingiza mililita 6.36. Asubuhi unatoa faneli, unamwaga maji kwenye jagi, unavuta kwa bomba unahesabu. Fomula tuliibandika kwenye jalada la daftari:

```
mm za mvua = mililita / 6.36
```

Asubuhi moja walivuta mililita 115, gawanya kwa 6.36, mvua ilikuwa milimita 18.1. Angalia faida yake, chupa haina tena changarawe wala maji ya msingi wala mstari wa sifuri, inaanza kavu kila siku, matako ya chini yawe na mabonde yasiwe nayo haituhusu. Na usahihi umepanda, nusu mililita kwenye bomba ni chini ya sehemu ya kumi ya milimita ya mvua, wakati kwa rula mtoto mfupi akiangalia kutokea chini na mrefu kutokea juu wanapishana milimita nzima. Hasara ipo, ukimwaga vibaya maji yakadondoka chini huna pa kurudia, kwa rula unaweza kusoma mara tatu na maji bado yako pale. Kwa watoto wadogo sana ningebaki na rula, na chini ningemimina saruji kidogo iliyosawazishwa badala ya changarawe na maji, ikauke ndo uchore sifuri juu yake, hiyo haikaukiwi na jua.

Mahali sina mengi. Tulihama hadi katikati ya bustani, zaidi ya mita kumi kutoka ukutani, chupa ikachomekwa kwenye kipande cha bomba lililofungwa kwenye mti wa kusimika, mdomo mita moja kutoka ardhini sawa na cha shamba na unazidi kichwa cha mti ule, ili matone yasigonge kichwa cha mti yakarukia ndani. Mdomo ulale sawa, pimamaji ndogo inatosha. Siku tuliyohama iliandikwa kwenye daftari kwa wino mwekundu pamoja na chupa mpya, na ile ya zamani tuliiacha ilipokuwa kwa wiki chache zisomwe zote mbili, manake ukibadilisha chombo na mahali kwa siku moja halafu namba zikapanda hujui sifa umpe nani. Ya zamani, baada ya kuzidishwa 1.20, ilikuwa nyuma ya mpya kidogo sana, na nyuma zaidi siku zenye upepo kutoka upande wa darasa. Kwa hiyo ukuta nao ulikuwa na lake, dogo. Mwalimu alifurahi kuliko ilivyostahili.

Wikiendi ndo ilihitaji sheria, kwa sababu hakuna atakayekuja shuleni Jumapili kwa ajili ya chupa na tusidanganyane. Sheria ikawa hivi: Jumamosi na Jumapili andika kistari. Jumatatu pima yote, usimwage kitu, andika namba na mbele yake "siku 3", kwa mfano 23.4 siku 3. Namba hiyo inaingia kwenye jumla ya mwezi kwa sababu maji ni ya kweli. Haiingii kwenye orodha ya siku yenye mvua kubwa kuliko zote, wala kwenye idadi ya siku za mvua, kwa sababu hujui ilinyesha siku moja au tatu. Likizo ni hivyohivyo, kama kuna mlinzi anayekubali asome, kama hayupo kistari. Mwezi ukiisha katikati ya wikiendi ndo kuna kero, maji ya miezi miwili yanakaa kwenye chupa moja, hapo mlinzi aliombwa asome asubuhi ya tarehe moja tu, na anafanya.

Siku yenye dalili za mvua lakini bomba halipati hata nusu mililita wanaandika M, yaani manyunyu, inahesabiwa kama sifuri kwenye jumla lakini siku ile haikuwa kavu. Na jambo la tarehe: mvua inayosomwa leo saa tatu nyingi yake imenyesha jana, kuna wanaoiandika tarehe ya jana na kuna wanaoiandika tarehe ya kusoma. Zote zinatumika. Shule na shamba wote walikuwa wanaandika tarehe ya kusoma, bahati yetu, manake wangepishana hata ile jedwali ya juu isingesomeka. Liandikwe ukurasa wa kwanza mnafuata ipi.

Mwezi uliofuata shamba walipata 96 na shule 92.7, wikiendi zikiwemo. Mzee wa shamba akaja na daftari lake kuonyesha siku moja, yeye 27, shule 22.5, akauliza hiyo nayo mnaisemaje. Tukaangalia siku za jirani na hiyo, uwiano ulikuwa umetulia karibu na moja, siku kavu haikuitangulia, na mtoto wa zamu alikuwa ameandika kwenye safu ya maelezo "radi, imenyesha robo saa, upande wa shamba giza zaidi". Mwalimu akauliza tuweke wastani? Hapana. Shamba wameandika 27 na shule 22.5.